Ukurasa wa malipo ukiganda, usibonyeze tena: jinsi JavaScript inavyongoja mtandao

Mteja anapotupigia kusema amekatwa pesa mara mbili kwa kitu kimoja, mara nyingi hadithi yake huanza kabla ya pesa yenyewe kukatwa. Alikuwa kwenye tovuti ya duka au ya basi, akabonyeza kitufe cha Lipa, ukurasa ukaganda. Akabonyeza tena. Hakuna kitu. Akabonyeza mara ya tatu, safari hii kwa nguvu kidogo. "Simu ilihengi," ndivyo wengi wanavyotuambia, halafu zikaingia meseji mbili za malipo.

Simu yenyewe huwa haina neno. Mtandao ulikuwa polepole, hilo ni kweli, lakini mtandao wa polepole hauwezi kugandisha ukurasa peke yake. Unachelewesha jibu tu. Ukurasa huganda kwa sababu ya namna fundi wa tovuti alivyoandika maagizo ya kungoja hilo jibu. Leo tunataka kukueleza jambo hilo kwa utaratibu, kwa sababu ukishalielewa utajua kwa nini kubonyeza mara ya pili kunaweza kukugharimu hata kama kidole chako kilionekana hakifanyi kitu.

Maagizo ya kurasa za tovuti huandikwa kwa lugha inayoitwa JavaScript. Ilitengenezwa mwaka wa 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape, na hadithi inayojulikana ni kwamba toleo la kwanza lilimchukua siku kumi. Kazi yake wakati huo ilikuwa ndogo: kufanya kurasa ziwe na uhai kidogo, kukagua kama umejaza fomu sawasawa, mambo ya aina hiyo. Leo inabeba malipo, ramani na mikutano ya video, lakini tabia moja ya tangu mwanzo haijabadilika. Ndani ya ukurasa mmoja, JavaScript ina mkono mmoja. Hufanya jambo moja, ikilimaliza hushika lingine. Na mkono huo huo ndio unaopokea mguso wa kidole chako, unaobadilisha maandishi kwenye skrini, na unaotuma maombi kwenda kwa seva, yaani kompyuta ya mwenye tovuti iliyoko mbali.

Fikiria buchari ya nyama choma ambayo ina mtu mmoja kaunta. Unachagua mbavu, anapima kilo moja, nyama inapelekwa kwenye jiko la nyuma. Nyama itachukua dakika arobaini, hakuna ujanja hapo. Sasa huyu mtu wa kaunta ana njia mbili. Anaweza kwenda kusimama kando ya jiko akiitazama nyama yako mpaka iive, ndipo arudi kumpimia anayefuata. Foleni itafika barabarani. Au anaweza kuiacha nyama jikoni, akarudi kaunta, akaendelea kupima, kupokea pesa na kujibu wanaouliza kama kuna ugali. Nyama ikiiva, mtu wa jiko atapiga mluzi.

Njia ya kwanza ndiyo msimbo wa kungoja pale pale. Njia ya pili ndiyo msimbo wa kuendelea na kazi huku ukingoja, ambao kwenye JavaScript utaujua kwa neno `async`. Tazama mambo mawili katika buchari ile, kwa sababu tutayahitaji mbele. Kwanza, njia ya pili haikuivisha nyama haraka. Dakika ni zile zile arobaini. Pili, mluzi ukilia wakati mtu wa kaunta ameshika kisu akimkatia mteja mwingine, hakimbii hapo hapo. Anamaliza anachofanya, kisha anakwenda kuchukua nyama. JavaScript iko hivyo hivyo: jibu la seva likifika, hukaa kwenye foleni mpaka mkono uwe mtupu.

Sasa tuje kwenye pesa. Tuchukue mfano wa mtu anayekata tiketi ya basi kutoka Nairobi kwenda Kakamega kwa shilingi 1,600. Ni jioni, yuko ndani ya matatu, mtandao unapatikana kwa vipindi. Amejaza jina, amechagua kiti, amefika kwenye kitufe cha Lipa. Tuseme fundi wa tovuti hiyo ameandika hivi:

```js
kitufe.onclick = function () {
  ujumbe.textContent = "Tunatuma malipo...";
  const ombi = new XMLHttpRequest();
  ombi.open("POST", "/lipa", false);
  ombi.send(tiketi);
  ujumbe.textContent = ombi.responseText;
};
```

Hata kama hujawahi kuandika msimbo, unaweza kuufuata kutoka juu kwenda chini. Kitufe kikibonyezwa, andika "Tunatuma malipo...". Tayarisha ombi. Litume. Kisha andika jibu lililorudi. Kisa chote kiko kwenye neno `false` la mstari wa nne. Neno hilo linamwambia mtu wa kaunta: simama kando ya jiko. Mstari wa `send` hautaisha mpaka seva ijibu, na mstari unaofuata hautaanza.

Katika ofisi yenye mtandao mzuri, seva hujibu kabla hujapepesa macho, na fundi anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kuona kasoro. Ndani ya matatu, tuseme jibu linachukua sekunde 14. Kwa sekunde hizo 14 mkono wa ukurasa umeshikwa. Menyu haifunguki. Kisanduku cha kuandika jina hakipokei herufi. Na jambo linaloshangaza hata mafundi wachanga: maandishi ya "Tunatuma malipo..." hayaonekani kabisa, ingawa ni mstari wa kwanza. Sababu ni kwamba kuagiza maandishi yabadilike na kuyachora kwenye skrini ni kazi mbili tofauti. Kivinjari huchora baada ya mkono kumaliza agizo lililopo. Hapa agizo linamalizika sekunde ya 14, na kufikia hapo mstari wa mwisho umeshaandika jibu juu ya yale maandishi ya kwanza. Kwa hivyo msafiri wetu ameachwa na kitufe cha Lipa kinachomwangalia, bila dalili yoyote kwamba kuna kitu kimetumwa.

Anafanya ambacho yeyote angefanya. Sekunde ya 4 anabonyeza tena. Sekunde ya 9 anabonyeza mara ya tatu.

Miguso hiyo miwili haikupotea. Hapo ndipo shida ilipo. Kivinjari kiliipokea na kuiweka kwenye foleni, kama vile wateja wawili waliosimama kaunta wakati mwenyewe yuko jikoni. Sekunde ya 14 jibu la kwanza linafika, mkono unakuwa mtupu, na mara moja unashika mguso uliofuata kwenye foleni. Mguso huo unasema nini? Unasema: lipa. Ombi la pili la shilingi 1,600 linaondoka, ukurasa unaganda tena sekunde nyingine 14 hivi. Kisha mguso wa tatu nao unapata zamu yake. Msafiri wetu hajagusa skrini tangu sekunde ya 9, lakini ukurasa wake bado unatuma malipo karibu nusu dakika baadaye.

Upande wake yeye, anachoona ni hiki. Ombi la kuweka PIN linatokea kwenye simu, anaweka PIN, anashukuru. Muda si mrefu ombi lingine la PIN linatokea, kiasi kile kile, jina lile lile la basi. Anadhani PIN ya kwanza haikuingia. Anaiweka tena. Mfumo wa malipo unaweza kukataa ombi la pili likifika wakati la kwanza bado linangoja PIN, lakini la kwanza likishakamilika, la pili ni ombi jipya halali kama mengine yote. Shilingi 3,200 zimetoka kwa safari moja. Na kwa kuwa PIN iliwekwa sawasawa mara zote mbili, kwenye rekodi yanaonekana kama malipo mawili ya kawaida. Mtu anaweza kweli kuwa amekata tiketi mbili, yake na ya mtoto. Ndiyo maana pesa hiyo haijirudishi yenyewe, na ndiyo maana huwa tunakuuliza maswali mengi kabla ya kuwasiliana na aliyelipwa.

Mafundi wengine hujaribu kuziba shimo hili kwa kufunga kitufe: kabla ya kutuma, kitufe kinazimwa, na baada ya jibu kinawashwa tena. Ni wazo zuri, lakini kwenye msimbo wa kungoja pale pale halisaidii. Kitufe kinazimwa na kuwashwa ndani ya agizo lile lile moja, wakati miguso yote imekaa kwenye foleni nje. Ikipata zamu yake, inakuta kitufe kiko wazi. Ni kama kufunga mlango wa duka ukiwa umesimama ndani peke yako, ukaufungua tena kabla mtu yeyote hajafika kuusukuma.

Tuangalie njia ya pili. Kazi ni ile ile, seva ni ile ile, na mtandao ni ule ule wa ndani ya matatu:

```js
kitufe.onclick = async function () {
  kitufe.disabled = true;
  ujumbe.textContent = "Tunatuma malipo...";
  const jibu = await fetch("/lipa", {
    method: "POST",
    body: tiketi
  });
  ujumbe.textContent = await jibu.text();
};
```

Neno la kutazama ni `await`, ambalo kwa Kiingereza ni "ngojea". Mtu akilisoma haraka anaweza kudhani ni kule kule tulikotoka. Tofauti ni nani anayengoja. Kwenye msimbo wa kwanza ulikuwa unangoja ukurasa mzima. Hapa linalosimama ni agizo hili moja tu: linawekwa kando na alama ya mahali lilipofikia, na mkono unarudi kaunta. Jibu likifika, linapanga foleni, na zamu yake ikifika agizo linaendelea kutoka pale kwenye alama. Namna hii ya kuandika iliingia rasmi kwenye JavaScript mwaka wa 2017. Kabla ya hapo kazi hiyo hiyo ilifanyika kwa maandishi marefu zaidi yaliyokuwa yakichosha macho, lakini iliwezekana.

Rudia sasa zile sekunde 14. Msafiri anabonyeza. Kitufe kinazimwa, maandishi yanabadilika, ombi linaondoka, na mara hiyo mkono uko huru. Kivinjari kinapata nafasi ya kuchora: kitufe kinafifia, "Tunatuma malipo..." yanaonekana. Sekunde ya 4 anabonyeza tena kwa wasiwasi. Mguso unapokelewa hapo hapo, unakuta kitufe kimezimwa, na unaishia hapo. Sekunde ya 9, vivyo hivyo. Anaweza kufungua menyu au kusoma masharti ya mizigo. Sekunde ya 14 jibu linafika. Amengoja muda ule ule, lakini ombi lililotoka ni moja.

Tusiupambe kupita kiasi msimbo huu wa pili. Ukiondoa ule mstari wa `disabled`, mambo yanaweza kuwa mabaya kuliko kwanza, kwa kuwa mkono uko huru na kila mguso unatuma ombi lake papo hapo bila hata kungoja zamu. Kinachomlinda msafiri ni kitufe kilichozimwa. Kazi ya `async` ni kukiacha kile kitufe kifanye kazi wakati ule ambao kinahitajika.

Mpaka hapa tumesema seva inajibu sekunde ya 14. Je, isipojibu kabisa? Matatu imeingia mahali pasipo na mtandao, sekunde 40 zimepita, maandishi ni yale yale. `fetch` yenyewe haina kikomo cha muda ndani yake. Isipowekewa, itaendelea kungoja mpaka kivinjari chenyewe kichoke au mtandao utangaze umekatika. Fundi makini huweka kikomo chake, kwa mfano sekunde 30:

```js
const jibu = await fetch("/lipa", {
  method: "POST",
  body: tiketi,
  signal: AbortSignal.timeout(30000)
});
```

Ile 30000 ni milisekunde. Zikiisha, ukurasa unaacha kungoja na unapata kosa. Sasa swali ambalo sisi tunaona ndilo kubwa kuliko yote katika makala haya: ukurasa umwambie nini msafiri?

Tovuti nyingi huandika "Malipo yameshindikana, jaribu tena." Sentensi hiyo ni hatari, kwa sababu ukurasa haujui kama malipo yameshindikana. Ombi lilikuwa na safari mbili: kwenda na kurudi. Huenda lilikwama likienda, na seva haijasikia chochote. Huenda lilifika, seva ikalishughulikia, na jibu ndilo lililokwama likirudi. Ukiwa umekaa upande wa ukurasa, mambo haya mawili yanafanana kabisa: kimya. Kikomo cha muda kinakwambia kitu kimoja tu, kwamba aliyekuwa akingoja amechoka. Ukiacha kungoja jikoni ukaenda nyumbani, nyama haitoki motoni kwa sababu hiyo.

Njia sahihi ni ukurasa kuuliza tena badala ya kulipa tena. Kwa hilo kila malipo yanahitaji nambari yake ya utambulisho, na lazima itengenezwe kabla kitufe hakijabonyezwa, si baadaye:

```js
const nambari = crypto.randomUUID();
```

Mstari huo hutoa nambari ndefu ambayo kwa vitendo haitajirudia. Ukurasa unaituma pamoja na ombi la malipo. Mtandao ukikatika, ukurasa unaiuliza seva: malipo yenye nambari hii yamefikia wapi? Seva nayo inatakiwa kufuata kanuni moja, kwamba ombi likija na nambari ambayo imeshaiona, haianzishi malipo mengine. Inarudisha habari za yale ya kwanza. Kukiwa na kanuni hii, hata ile miguso mitatu ya mfano wetu wa kwanza ingezaa malipo moja tu, kwa sababu yote ingebeba nambari moja. Tukiulizwa na mwenye duka achague ulinzi mmoja tu, tungemwambia achague huu, kabla hata ya kupendezesha ukurasa.

Kuna ungojaji mwingine ambao msimbo wa ukurasa hauwezi kuukwepa, na huu unatokana na wewe mwenyewe. Seva ikijibu haraka kwamba ombi limepokelewa, hiyo haimaanishi pesa imetoka. Inamaanisha ombi la PIN liko njiani kuja kwenye simu yako. Unaweza kuchukua sekunde 5 kuweka PIN, au ukaghairi, au simu ikawa kwenye pochi ya mtu mwingine. Ndiyo sababu ukurasa mzuri, baada ya jibu la kwanza, huendelea kuuliza kila baada ya sekunde chache mpaka upate jibu la mwisho: imelipwa, imeghairiwa, au muda umepita. Ukiona ukurasa unaandika "Asante kwa malipo yako" kabla hujaweka PIN, jua fundi amechanganya "ombi limepokelewa" na "pesa imeingia".

Utajuaje basi, ukiwa umeshika simu, kama ukurasa umeganda au mtandao ni polepole tu? Watu wengi hutazama kile kiduara kinachozunguka, au huvuta ukurasa juu na chini waone kama unasogea. Dalili zote mbili zinadanganya. Vivinjari vya siku hizi vimehamishia usogezaji wa ukurasa na baadhi ya michoro inayozunguka kwenye mkono mwingine nje ya JavaScript, ili simu ionekane nyepesi. Kwa hiyo kiduara kinaweza kuendelea kuzunguka kwa furaha kabisa huku ukurasa chini yake hausikii chochote. Kipimo bora ni kugusa kitu kingine kinachohitaji kujibu, mbali na kitufe cha Lipa: weka alama kwenye kisanduku cha masharti, au jaribu kuongeza herufi kwenye nafasi ya jina. Kikijibu, ukurasa uko macho na unangoja mtandao. Kisipojibu, ukurasa umeganda, na kila mguso wa Lipa unaofanya sasa huenda unapanga foleni. Kwenye kompyuta, Chrome ikiona ukurasa umekaa muda mrefu hivyo huleta kisanduku chenye maneno `Page Unresponsive`.

Hali yoyote kati ya hizo mbili, kitufe cha Lipa kiache. Ngoja dakika moja au mbili, kisha tazama meseji zako na salio. Meseji ya uthibitisho yenye nambari ya muamala ndiyo inayojua kama pesa imetoka, hata kama ukurasa unasema vingine. Kufunga ukurasa hakurudishi ombi ambalo limeshafika kwa seva, lakini kunafuta miguso iliyokuwa bado kwenye foleni, na hiyo ni faida. Kama hakuna meseji, na taarifa ya akaunti haionyeshi kitu, hapo unaweza kuanza upya. Na ombi la pili la PIN likitokea kwa kiasi na jina lile lile ulilolipa sasa hivi, lighairi kwanza, kisha ukague. Kughairi hakugharimu chochote, na kama malipo ya kwanza hayakupita unaweza kulipa tena baadaye.

Kwa wale kati yenu mnaouza mtandaoni na kupokea malipo kupitia kwetu, kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya na fundi wako kwa dakika chache. Fungua ukurasa wako wa malipo kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya `Network`, na kwenye menyu ya kasi uchague `3G`. Sasa ukurasa wako unaonja maisha ya mteja aliye ndani ya matatu. Tumia mazingira ya majaribio, si pesa halisi, kisha ubonyeze Lipa mara tano haraka haraka.

Tazama kwanza kama maneno ya kungoja yanaonekana mara moja. Yasipoonekana mpaka jibu lirudi, mwambie fundi atafute kwenye msimbo palipo na `open(` inayoishia na `false`. Vivinjari vyenyewe vimekuwa vikionya dhidi ya namna hiyo kwa miaka. Onyo hilo linaweza kutokea kwenye sehemu ya `Console` inapotumika. Isitoshe, ombi la aina hiyo ndani ya ukurasa halikubali kuwekewa kikomo cha muda. Fundi akijaribu kukiweka, kivinjari kinamrudishia kosa.

Kisha hesabu mistari ya `lipa` iliyojitokeza kwenye orodha ya `Network`. Ikiwa mmoja, endelea na jaribio la mwisho: bonyeza Lipa, na kabla jibu halijarudi badilisha menyu ya kasi iwe `Offline`. Soma ukurasa unachomwambia mteja. Ikiwa ni "imeshindikana, jaribu tena", mistari hiyo ibadilishwe kabla ya mwisho wa mwezi, watu wanapolipa kodi na karo kwa wakati mmoja. Na ikiwa mistari ya `lipa` ni mitano, simamisha kitufe hicho leo, na umwombe fundi akuonyeshe kwenye rekodi za seva ni wateja wangapi waliolipa kiasi kimoja mara mbili ndani ya dakika mbili. Tutumie nambari za miamala hiyo, tutaanza nazo.